Baada ya Faraja, Vyombo: Mwongozo Kamili wa Kumwandikia Rafiki Asiyependa Maneno ya Hamasa

Rafiki yangu anaishi Kigamboni na anafanya kazi katika duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, kwa hiyo kila asubuhi huvuka kwa kivuko hadi Magogoni, kisha hupanda daladala. Wakati anasubiri geti la kivuko lifunguliwe, simu yake hupokea picha tatu au nne za kumtakia asubuhi njema kutoka makundi mbalimbali ya Wasap: waridi lenye umande, kikombe cha chai kinachofuka moshi, na chini yake maandishi ya njano yanayomwambia kwamba leo ni siku yake ya ushindi. Huzifuta zote kabla kivuko hakijaondoka. Si mtu mkorofi, wala si mtu mwenye huzuni. Ni mtu asiyependa kuahidiwa kitu na mtu asiye na uwezo wa kukitoa. Siku moja, chini ya picha iliyosema “Kila siku ni mwanzo mpya”, alijibu kwa maneno manne tu: “Mwanzo mpya, foleni ileile.” Kundi zima lilicheka, hata aliyeituma ile picha, na hakuna aliyeumia.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikimwandikia sentensi za namna ile, moja moja, na mwongozo huu unaeleza jinsi ninavyozitengeneza. Zipo njia nyingi za kuandika maneno yanayopoza hamasa, lakini hapa nitafuata moja tu, ile ya kuanza na methali ambayo kila mtu anaijua na kuibadilishia mwisho. Nimeichagua kwa sababu Kiswahili kimekwisha kutujengea fremu, nasi hubaki na kazi ya kutafuta kitu kidogo na cha kweli cha kuweka ndani yake.

Hatua ya kwanza: Jua ni nini hasa kinachomuudhi

Maneno ya hamasa huwa na mambo matatu ndani yake, na mtu anayeyachukia kwa kawaida huchukia moja kuliko mengine. Kuna ahadi, kama vile “Mambo yako yatanyooka wiki hii.” Kuna amri, kama vile “Amka, pambana, usilale!” Na kuna sifa, kama vile “Wewe ni wa pekee, dunia inakusubiri.” Usikisie. Rudi kwenye mazungumzo yenu ya zamani, utafute mahali alipojibu picha za namna hii, na usome majibu kama matano au sita. Asiyependa ahadi hujibu kwa kutaja hali halisi, kama alivyofanya rafiki yangu na foleni yake. Asiyependa amri hujibu kwa kutangaza uvivu, kwa mfano kusema kwamba anarudi kulala. Asiyependa sifa hunyamaza au hubadilisha mada, na huyu ndiye mgumu kuliko wote, kwa sababu hata sentensi ya mzaha inayomtaja yeye mwenyewe humkera.

Tofauti hii huamua sentensi yako itue wapi. Kwa mchukia ahadi, unaichukua ahadi kubwa na kuipunguza mpaka ibaki kitu ambacho hakika kitatokea leo kabla ya saa 12 jioni. Kwa mchukia amri, unampa ruhusa: “Timiza ndoto zako, ile ya juzi ya kukimbizwa na ng’ombe inaweza kusubiri.” Kwa mchukia sifa, unamtoa kabisa kwenye sentensi na kuzungumzia ndoo, mlango au chapati. Kuanzia hapa nitamfuata mchukia ahadi, kwa sababu ndiye ninayemjua.

Hatua ya pili: Chagua methali na uhesabu mizani yake

Methali nyingi za Kiswahili zina vipande viwili. Kipande cha kwanza hutega na cha pili hufyatua, na mara nyingi vipande hivyo hulingana kwa mizani, yaani idadi ya silabi, au hukaribiana sana. “Penye nia” ina silabi nne, na “pana njia” ina nne. “Mchumia juani” ina saba, na “hulia kivulini” ina saba. Unapohesabu, kumbuka kwamba “m” iliyo mbele ya konsonanti katika neno kama mchumia ni silabi kamili inayosimama peke yake: m-chu-mi-a. Lakini “mb” katika mbivu haitengani. Neno hilo ni mbi-vu, silabi mbili.

Kuhesabu huku si urembo. Msomaji akisikia kipande cha kwanza cha methali anayoijua, sikio lake hutangulia kwenye mwisho na kusubiri huko. Kicheko huja pale sauti inapofika kwa mapigo yaleyale aliyoyatarajia ikiwa imebeba kitu kingine. Mapigo yakivunjika, sikio hudhani kwamba msemaji amesahau methali, na badala ya kucheka mtu hutaka kukusahihisha. Nimelijaribu hili mara nyingi, na sentensi zilizopishana na methali yake kwa silabi moja au mbili bado zilifanya kazi, ilhali zile zilizopishana kwa tano au sita zilihitaji maelezo.

Chukua “Subira yavuta heri”, yenye silabi nane. Neno yavuta limezoeleka kiasi kwamba hatulioni tena, lakini kuvuta ni kazi ya mikono, na anayevuta huhitaji kamba. Kwa hiyo: “Subira yavuta heri, lakini kamba ni ndefu.” Kipande nilichoongeza nacho kina silabi nane, kwa hiyo mstari mzima umefikia mizani 16, kipimo kilekile kinachotumika katika shairi la kawaida la mistari minne kwa ubeti. Msomaji hatahesabu, ila sikio lake litatulia. Tazama pia kwamba sentensi hiyo haikatai kitu. Heri inavutwa kweli, na pengine itafika. Ila kwanza kuna kamba.

Jambo hili la kutokataa ndilo ninaloliona kuwa kiini cha kazi yote. Anayeanza kuandika huvutwa na kiambishi cha ukanushi, akaandika “Mvumilivu hali mbivu” au “Subira haivuti heri.” Sentensi za namna hiyo ni mabishano, na rafiki asiyeamini ahadi haamini hata ahadi ya kwamba mambo yatakuwa mabaya. Humchosha kwa kiasi kilekile. Acha methali ibaki ya kweli, kisha uiongezee ukweli mwingine mdogo ambao methali haikuutaja: “Mvumilivu hula mbivu, na mbivu huja na nzi.” Mwenye embe bivu mezani mwezi wa 12 anajua kwamba hakuna uongo hapo.

Hatua ya tatu: Kusanya vitu vidogo

Kipande cha pili cha sentensi kinahitaji kitu kinachoshikika, na kitu hicho lazima kiwe cha maisha ya rafiki yako, si cha maisha kwa ujumla. Mimi nina daftari dogo ambamo, kwa siku kadhaa, niliandika kila kitu alichokitaja katika mazungumzo ya kawaida pasipo kulalamika sana: feni inayolia inapozunguka kuelekea dirishani, kiti cha daladala chenye chuma kinachojitokeza, luku inayobaki na uniti mbili usiku, ndoo ya maji isiyo na mfuniko, sufuria ya wali iliyolowekwa tangu jana, mbu, risiti ambazo wino wake umefutika, chaja inayofanya kazi ikikunjwa upande mmoja. Vitu kama kumi na viwili vinatosha kwa miezi kadhaa.

Kipimo cha kitu kinachofaa ni rahisi. Kiwe kinasumbua, lakini kwa namna ambayo mtu anaweza kukimaliza kwa dakika 10 au kukizoea bila kuumia. Sufuria iliyolowekwa inafaa. Kodi ya nyumba haifai, kwa sababu inamnyima mtu usingizi. Luku ya uniti mbili iko mpakani: kwa mtu mwenye mshahara ni kero ya kutembea hadi kwa wakala au kubonyeza simu, na kwa mtu aliyekosa hela ni giza. Rafiki yangu alipokuwa amecheleweshewa malipo nililiondoa neno luku kwenye daftari, nikalirudisha mwezi uliofuata.

Hapo ndipo ilipopatikana sentensi niliyoitumia kama kichwa cha mwongozo huu. Sote tunajua kwamba baada ya dhiki huja faraja, lakini methali haisemi nini huja baada ya faraja. Mtu akipata faraja hualika watu, watu wakialikwa hula, na wakimaliza kula huondoka. Kwa hiyo: “Baada ya dhiki faraja, baada ya faraja vyombo.” Neno vyombo limekuja mwisho kabisa, na halina kitenzi cha kulieleza. Hakuna mtu wa Dar es Salaam anayehitaji kuambiwa kwamba vyombo hivyo ni vya kuoshwa.

Hatua ya nne: Andika, kata, sikiliza

Nitaeleza mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa Februari, wakati joto la Dar es Salaam liko juu na mvua za masika bado hazijaanza. Rafiki yangu alikuwa ameshinda kutwa nje ya duka akihesabu mabati na mifuko ya saruji iliyokuwa ikishushwa kwenye lori, mahali pasipo na kivuli. Jioni mtu mmoja katika kundi lao la kazini akatuma methali “Mchumia juani hulia kivulini” ikiwa juu ya picha ya mnazi. Rafiki yangu alinitumia picha hiyo bila neno lolote, na kwa mtu ninayemjua hilo lilikuwa ombi.

Jaribio langu la kwanza lilikuwa “Mchumia juani huungua tu.” Ni la kweli, lakini ni chungu, na limemwacha mtu palepale juani. Neno tu mwishoni lina dharau ndani yake, kwa kuwa linasema hakuna zaidi ya hapo. Nikalifuta.

Jaribio la pili lilitumia maana mbili za hulia. Katika methali, hulia ni kula mahali fulani, lakini neno hilohilo linaweza kusomeka kuwa mtu anatoa machozi. Ningeweza kuandika kwamba mchumia juani hulia kivulini, na machozi hukauka haraka akirudi juani. Mchezo wa maneno ni halali na Waswahili wanaupenda, ila machozi ni kitu kikubwa kuliko joto la siku moja. Sentensi ingemfanya aonekane mnyonge, ilhali alikuwa amechoka tu. Nikaiacha nayo, na ninakushauri usikimbilie kila neno lenye maana mbili kwa sababu tu lipo.

Jaribio la tatu lilikuwa “Mchumia juani hulia kivulini, kwa sababu juani hakuna meza.” Hapa nilikaribia. Meza ni kitu kidogo, na kuna upuuzi mpole katika kulieleza jambo zito kwa samani. Lakini “kwa sababu” ni maneno ya mwalimu akiwa ubaoni. Sentensi ya kupoza haielezi. Huweka vitu viwili kando kwa kando na kunyamaza. Aidha, ilikuwa imefika silabi 26. Kipimo changu cha urefu ni jina la kanga, yaani yale maandishi yanayokaa chini ya mji na kuzungukwa na pindo. Kama sentensi haiwezi kuandikwa pale kwa herufi zinazosomeka na mtu aliye upande wa pili wa barabara, ina maneno ya kukatwa.

Kwa jaribio la nne nilijiuliza swali ambalo ningepaswa kuanza nalo: mtu aliyeshinda juani hufanya nini hasa, kwa mwili wake, mara baada ya hapo? Hunywa maji. Nikaandika “Mchumia juani hurudi ana kiu.” Silabi saba kwa saba, hakuna ukanushi, hakuna machozi. Ningeweza kuituma. Lakini methali ya asili ina kina cha ni, katika juani na kivulini, na kiu haikuitikia juani. Nikaendelea kufuata mwili: hunywa, huvua viatu, hukaa, hujifuta. Hujifuta wapi? Usoni.

“Mchumia juani hujifuta usoni.”

Hesabu: hu-ji-fu-ta u-so-ni, silabi saba. Kina cha ni kimerudi. Ahadi ya methali, ambayo ni pumziko la siku zijazo, imepunguzwa mpaka ikawa kitambaa cha mkononi kinachopita juu ya paji la uso leo jioni, na hilo hakika limetokea. Tazama pia kazi ya kiambishi hu-. Hakina nafsi wala wakati. Kinasema jambo ambalo ndivyo lilivyo siku zote, na ndicho kinachoipa methali sauti ya wazee. Ukiandika “amejifuta usoni”, inakuwa habari ya mtu mmoja na uzito unapotea. Upole wa upuuzi huu unatokana na kwamba jambo dogo kabisa, la kujifuta jasho, limevishwa sauti ile inayotumika kutangaza hekima.

Isome sentensi kwa sauti mara tatu kabla ya kuituma, mara moja ukiwa umesimama. Ulimi ukikwama mahali fulani, hapo pana silabi ya ziada.

Hatua ya tano: Iulize sentensi inampiga nani

Hatua hii nimeiweka baada ya kuandika kwa makusudi, kwa sababu sentensi mbaya kuliko zote ni zile zilizokamilika kwa umbo. Moja nilikaribia kuituma. Nilikuwa ninaifanyia kazi “Ukiona vyaelea, vimeundwa”, methali inayosifu kazi iliyofanywa na mikono ya watu, na karibu bila kufikiri nikapata mwisho huu: “ukiona vimezama, navyo viliundwa.” Ni fupi, ni ya kweli, haikanushi kitu, na upuuzi wake unauma kidogo kama ndimu. Nilifurahi nayo kwa muda wa robo saa hivi.

Kisha nikakumbuka kwamba ninayemwandikia huvuka maji mara mbili kwa siku, na kwamba nchi hii ilizika watu wa MV Bukoba mwaka 1996, wa Spice Islander mwaka 2011 na wa MV Nyerere mwaka 2018. Sentensi haikumtaja mtu yeyote, lakini ilikuwa imesimama juu ya makaburi. Kwa sababu hiyohiyo siandiki chochote kuhusu maji kujaa Jangwani wakati wa masika. Kwa anayekaa ghorofani mafuriko ya Msimbazi ni usumbufu wa barabara kufungwa, lakini kwa wanaokaa bondeni ni nyumba na vitanda vyao.

Basi nikarudi kwenye methali na kutafuta kitu kisichozama. Ukiisema polepole, vimeundwa inakaribiana mno na vimeungwa, neno la jikoni, la maharage au mboga iliyotiwa nazi na viungo. Hapo sentensi ikajifunga yenyewe: “Ukiona vyaelea, vimeundwa, ukiona vyanukia, vimeungwa.” Pande zote mbili zina silabi nane kwa nne, na tofauti ya mwisho ni kati ya nd na ng. Mafanikio makubwa ya binadamu yameshuka hadi kwenye sufuria ya maharage, nayo maharage hayajamkosea mtu. Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kuandika, na nisingeipata kama ile ya kwanza isingetupwa.

Majaribio ninayoyatumia ni mawili tu. La kwanza, ninamtafuta anayepigwa na sentensi. Ikiwa ni kitu, hewa, nzi, kamba au binadamu wote kwa pamoja, ninaendelea. Ikiwa ni rafiki yangu, mke wake, bosi wake au jirani, sentensi imegeuka kijembe, na kijembe ni kazi nyingine yenye adabu zake. La pili, ninajiuliza kama ingekuwa sawa iwapo ingesomwa na mtu aliye nyuma yake ndani ya daladala, kwa kuwa simu za watu husomwa na abiria wengine. Mwili wa mtu, ugonjwa, msiba, ndoa, dini na kabila havipiti kwenye jaribio hilo, na sivijaribu.

Hatua ya sita: Kutuma

Usitume alfajiri. Ukifika pamoja na waridi na kikombe cha chai, utafutwa pamoja navyo. Mimi hutuma jioni, akiwa ameshavuka na hadaiwi haraka, na sitaki izidi moja kwa wiki. Nilipojaribu kutuma kila siku, ilipofika siku ya nne alijibu “Sawa”, na nilielewa kwamba nimegeuka kuwa mtu wa picha za asubuhi kwa mlango wa nyuma.

Tuma sentensi peke yake. Usiitangulize salamu ndefu, usiisindikize na emoji ya kucheka, kwa kuwa emoji humwamuru mtu acheke, na usimweleze chanzo chake hata kama unajivunia ule mchezo wa nd na ng. Itume kwake binafsi kwanza; kama anaipenda ataipeleka kundini mwenyewe. Kwenye karatasi inakubalika pia. Niliwahi kumwandikia “Haraka haraka haina baraka, na taratibu nayo haina kiti” nyuma ya risiti tuliyopewa mgahawani, na aliiweka ndani ya kava la simu, mahali anapoweka nauli ya akiba.

Namna anavyojibu itakuonyesha kama umepatia. Akicheka tu, umepatia kwa siku hiyo. Akiandika “kweli” na hakuna zaidi, sentensi ilikuwa ndefu au ilikuwa na maelezo. Jibu la kuogopwa ni lile linalokubaliana nawe kupita kiasi, kama vile “Ndiyo maisha yalivyo, hakuna jipya.” Hapo sentensi imegonga kitu ambacho hukukijua. Usijibu kwa sentensi nyingine. Piga simu, muulize amekula nini na kazini kukoje, na uache daftari lifungwe mpaka usikie sauti yake imerudi. Akipata msiba au akipoteza kazi, huendi na sentensi. Unakwenda kukaa naye.

Jibu zuri kuliko yote ni pale anapoiongezea. Nilipomtumia ile ya juani, nilipokea jibu baada ya dakika mbili hivi: “Na shingoni.” Alikuwa amekishika kina na kukiendeleza bila mtu kumwambia. Jambo kama hilo likikutokea, usishindane kwa kuandika mstari wa tatu, hata kama mgongoni na kwapani vinakuita. Mwachie neno la mwisho, kisha uliandike kwenye daftari chini ya lako, pamoja na tarehe.